Swali la Darajani

Cuco Zertuche alikufa mwezi wa kumi na moja, lakini hakuacha kukohoa. Lala, mkewe, alimsikia kila jioni nyuma ya mlango wa jikoni, saa ileile aliyokuwa akirudi kutoka kazini kwenye mapaa ya watu: kikohozi kimoja kikavu, kisha buti zikifutwa kwenye mkeka, kisha harufu ya lami ya kuzibia paa. Mara ya kwanza alikimbilia mlango akiwa na mwiko mkononi, akaufungua, akaukuta mkeka peke yake na upepo wa San Antonio, Texas, ukisukuma majani makavu. Mara ya pili hakufungua. Alimjibu palepale alipokuwa, mbele ya jiko.

"Ingia basi, au nenda zako. Usinisimamie mlangoni kama mdai."

Hakuingia wala hakwenda. Na sisi tuliomjua Cuco akiwa hai hatukushangaa, maana mtu yule hata enzi za uhai wake alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni. Alipokuja kukutembelea alikuwa akikataa kiti, akinywa kahawa yake wima huku jicho moja likiangalia barabara, kama anayengoja kukamatwa. Alikuwa fundi wa mapaa, na hakukuwa na paa aliloliogopa. Alichokiogopa ni meza yenye mtu wa serikali nyuma yake.

Lala mwenyewe, Eulalia kwa jina la ubatizo, alizaliwa Zaragoza, nchini Mexico, upande wa pili wa mto, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na mikono hiyo ilikuwa imefunga tamale kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyokaa na wake zetu. Alikanda unga wa mahindi kwa mafuta ya nguruwe, akatia nyama ya pilipili katikati, akafunga kwa maganda makavu ya mahindi, akapanga kwenye sufuria la mvuke. Jumamosi alisimama na ndoo yake nje ya duka la matairi, na kabla ya saa sita mchana ndoo ilikuwa tupu. Pesa alimpa Cuco. Cuco aliongeza za mapaa, akazikunja kwa mpira, akazitia kwenye makopo ya mafuta chini ya kitanda. Benki hakuitaka hata kuisikia.

"Benki ni mdomo wa serikali," alikuwa akisema. "Ukiupa pesa, unaijulisha."

Lala hakubishana naye. Alijua hofu ile ilitoka wapi, au alidhani anajua. Ilitoka kwa Maricruz.

Maricruz alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee, na alizaliwa na moyo wenye tundu. Alipofika miaka tisa kucha zake zilikuwa na rangi ya zabibu, na alikuwa akichuchumaa njiani kila baada ya nyumba mbili ili avute pumzi. Cuco alikuwa Texas wakati huo, bila kibali chochote, akiishi na mdogo wake Chano katika chumba kimoja na kubandika mapaa tangu alfajiri. Lala alikuwa na mtoto hospitalini Monterrey. Madaktari walisema moyo unaweza kuzibwa, lakini walitaka malipo yatangulie. Cuco akapiga simu: pesa zimetimia, dola elfu kumi na tatu, nazileta mwenyewe. Maricruz akaoshwa nywele, akasukwa, akawekwa kitandani kumngoja baba.

Baba alifika mikono mitupu. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, hakuingia.

"Wamezichukua," alisema. "Darajani. Sheria hairuhusu mtu kupita na zaidi ya elfu kumi. Wamechukua zote."

Mtoto aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Walimzika Zaragoza, na baada ya mazishi Lala akamfuata mumewe ng'ambo, kwa sababu nyumba ile yenye kitanda kidogo ilikuwa inamla. Vibali walikuja kuvipata baadaye sana, kwa jasho na kwa wakili. Kuhusu lile daraja hawakuzungumza tena. Lala alijenga chuki juu ya hiyo namba, elfu kumi, kama wengine wanavyomchukia mtu. Aliiona namba ile na meno yake. Sheria gani hii, alijiuliza akifunga tamale, inayomwangalia baba wa mtoto mgonjwa ikamwambia, wewe umebeba nyingi mno?

Basi Cuco alipolala kitandani mara ya mwisho, mapafu yamejaa lami ya miaka yote ile, alimwita mkewe karibu.

"Nirudishe Zaragoza. Nilaze na mtoto."

"Nitakulaza naye."

"Na pesa uende nazo. Umalize ile nyumba ya mama, ukae, upumzike. Usikande tena unga wa kuuza." Akakohoa mpaka shuka ikatikisika. "Lakini zitie ndani pamoja nami. Kwenye sanduku. Hakuna anayempekua maiti. Wakikuuliza, sema hapana. Umenisikia, Lala? Chochote watakachouliza, hapana."

Hilo ndilo lililokuwa linakohoa nyuma ya mlango. Lilikuwa linangoja litimizwe.

*

Mwezi wa pili Chano alikuja na pikapu yake. Chano alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache, shemeji wa kumcheka na kumpenda, na kila alipoingia mahali alianza kwa kuuliza kuna nini sufuriani. Siku hiyo hakuuliza. Aliiangalia meza. Juu yake kulikuwa na sanduku la mbao ya msonobari, na ndani yake mfuko mzito wa plastiki uliojaa majivu na kufungwa vizuri, ambao ndio Cuco. Kandokando ya mfuko, katikati yake na mbao, Lala alikuwa amepanga vibunda vya noti, vimekazwa kwa mpira uleule wa Cuco.

"Zote zimeingia?" Chano aliuliza.

"Hazikuenea. Mume wangu alikuwa mkubwa."

"Basi nipe zinazobaki. Nitavaa kwenye buti." Akaketi, akaanza kuvua. "Tugawane, shemeji, ndivyo wanavyofanya wote. Kila mtu chini ya elfu kumi, hapo huna kosa. Mwaka juzi familia nzima ya kina Buentello walivuka na pesa za trekta, kila mtoto na soksi yake. Mpaka bibi alipewa chake akakilalia."

Lala akampa elfu tisa. Elfu kumi na nane na mia nne zikabaki na marehemu. Walipotoka, Lala aliliweka sanduku kwenye kiti katikati yao na kulifunga mkanda, na Chano hakucheka.

Njia ya kwenda Eagle Pass, penye daraja la mpakani, ni ndefu na tambarare, miti ya miiba huku, miti ya miiba kule. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi likikatiza lami. Chano alijaribu redio, akaizima. Lala alikuwa amekunja mikono mapajani, na kila gari lilipopita kwenye shimo alimsikia Cuco akikohoa ndani ya sanduku. Si mlio wa mbao. Kikohozi chake alikijua. Alikilalia miaka mingi.

*Hapana*, Cuco alimwambia. *Jizoeze kulisema. Hapana.*

"Hapana," Lala alisema kwa sauti.

"Nini?" Chano akashtuka.

"Sikusemi wewe."

Chano aligeuza macho haraka kuangalia barabara. Baada ya muda alisema taratibu, "Na mimi ananijia. Usidhani ni wewe tu. Kwangu anakaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu. Nikiangalia kiooni namwona anaangalia pembeni, hataki kuniangalia."

"Kwa nini asikuangalie wewe?"

Chano aliongeza mwendo. Lala alidhani ni huzuni.

Kabla ya daraja kuna mahali magari yanapobanwa yaende mstari mmoja. Siku nyingine unapita moja kwa moja mpaka Mexico bila mtu kukuangalia usoni, na wengi hudhani upande wa kutoka hauna mlinzi. Siku hiyo maofisa walikuwa wamesimama barabarani na koni zao za rangi ya chungwa, wanasimamisha kila gari linalotoka. Kulikuwa na mbwa mmoja mweusi ameketi kivulini, ulimi nje.

"Mama yangu weee," Chano alinong'ona. "Shemeji, uso mkavu. Uso wa kanisani."

Afisa aliyekuja dirishani alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake, Ybarra, limeshonwa kifuani. Kihispania chake kilikuwa cha hapahapa mtoni, kama cha jirani wa Lala.

"Habari za asubuhi. Mnakwenda wapi?"

"Zaragoza, afisa," Chano akasema. "Msiba. Tunampeleka kaka yangu." Akaonyesha sanduku.

Afisa aliliangalia sanduku, akavua miwani ya jua. "Poleni sana. Karatasi zake mnazo?" Lala akamkabidhi cheti cha kifo na kile cha kuchomwa. Alivisoma, akavirudisha kwa mikono miwili. "Swali moja tu, nawauliza wote wanaotoka. Mna zaidi ya dola elfu kumi? Noti, hundi za wasafiri, pesa za nchi nyingine, zote kwa jumla."

"Hapana, afisa," Chano akajibu kabla swali halijafika chini.

"Na wewe, mama?"

Harufu ya lami ilijaa pikapu. Lala aliihisi kooni. Cuco alikuwa amekaa pale katikati, begani kwake, anapumua kwa shida kama wiki zile za mwisho, na alikuwa anamwambia neno lake moja, tena na tena. Mdomo wa Lala ulifunguka kulisema. Lakini afisa aliona anasita, akainama kidogo dirishani.

"Mama, sikiliza. Kuwa nazo si kosa. Ungekuwa na milioni ningekwambia safari njema. Hatuzikati, hatuzitozi kodi. Tunataka kuambiwa tu. Ukisema, unajaza fomu unakwenda. Usiposema tukazikuta, hapo ndipo tunazichukua."

Kupumua kwa Cuco kulikatika.

Lala aligeuka akaliangalia sanduku. Kisha akamwangalia afisa, na alipozungumza ilikuwa ni kama anauliza.

"Si kosa kuzivusha?"

"Si kosa."

"Hata zaidi ya elfu kumi?"

"Hata zaidi ya elfu kumi. Elfu kumi si ukomo wa kubeba. Ni ukomo wa kunyamaza."

Chano alikuwa ameufumba uso kwa kiganja. Lala akaweka mkono juu ya mfuniko wa sanduku, kama mtu anayemzuia mwenziwe asiinuke.

"Ninazo," alisema. "Elfu ishirini na saba na mia nne. Nyingine anazo mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu hapa, sandukuni."

Afisa alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Na nyingine?"

"Ziko kwenye buti za shemeji."

"Aa, shemeji!" Chano akalia. "Yaani umeniuza hivyo hivyo?"

"Bwana," afisa alimwambia, na sauti yake haikuwa tena ya jirani, "mimi nimekuuliza ukaniambia hapana. Kuzigawa ili kila mmoja awe chini ya elfu kumi, hilo nalo ni kosa, tena kubwa. Unataka kubadilisha jibu lako sasa hivi, kabla sijamwita yule mbwa?"

"Nabadilisha. Nabadilisha kabisa."

*

Ndani ya ofisi kulikuwa na meza, na mtu wa serikali nyuma yake, kijana aliyekuwa anakula karanga. Lala aliikalia meza hiyo kwa niaba ya mumewe aliyeikimbia maisha yake yote. Walimwacha afungue sanduku mwenyewe. Hakuna aliyeugusa mfuko. Alitoa vibunda kimoja kimoja akivipangusa kwa mtandio wake wa mabegani, na Chano alivua buti akasimama na soksi moja iliyotoboka kidoleni, amenywea.

Zilihesabiwa kwa mashine, kisha kwa mkono. Fomu iliuliza mambo ambayo hata sisi tungeulizana kibarazani: jina lako, unatoka wapi, unakwenda wapi, pesa ni za nani, ni kiasi gani.

"Umezipataje, mama?" kijana wa karanga aliuliza.

"Mapaa na tamale."

"Tamale za kuku au za nguruwe?"

"Nguruwe."

"Basi naamini," akasema, akagonga muhuri.

Wakamrudishia noti zote. Hata moja haikupungua. Afisa Ybarra alimpa nakala, akamwambia akifika upande wa pili apite kwa forodha ya Mexico aseme vilevile, kwa maana nao wana elfu kumi yao, na kwao pia kusema hakulipiwi. Kisha akamsaidia kufunga mfuniko.

"Ni hivyo tu?" Lala aliuliza.

"Ni hivyo tu."

Hakuinuka. Kahawa aliyopewa ilikuwa bado moto. Hilo ndilo aliloliona, kwamba kahawa bado inatoa moshi, na jambo limekwisha.

"Mwanangu," alimwambia afisa, ingawa hawakupishana sana umri, "kuna mtu alipita hapa zamani. Na elfu kumi na tatu. Zilikuwa za hospitali, za mtoto. Zikachukuliwa zote. Hakuulizwa."

"Sikuwapo mimi, mama. Lakini huulizwa." Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliokata. "Hatuwezi kumpekua mtu tukamchukulia pesa kwa kutosema, na sisi hatujampa nafasi ya kusema. Anaulizwa kwanza. Na hata zikichukuliwa, barua hutumwa, anaweza kuandika akaeleza ni za nini. Wengine hurudishiwa, wengine nusu."

"Huyu hakuulizwa," Lala alirudia, na akamgeukia Chano amsaidie, kwa sababu siku ile Chano ndiye aliyekuwa anaendesha.

Chano alikuwa anavaa buti. Alivuta kamba, akaifungua, akaivuta tena.

"Chano."

"Shemeji, twende. Watu wanangoja."

"Chano, siku ile mlisimamishwa. Cuco aliulizwa?"

Kijana aliacha kutafuna karanga. Chano alikohoa, na kikohozi kilikuwa kilekile cha ukoo wao, mpaka Lala akashika ukingo wa meza.

"Mara mbili," Chano akasema. "Alikuwa mzee mmoja Mmarekani, kalegeza kofia, Kihispania chake cha kuokoteza. Aliuliza. Cuco akasema hapana. Yule mzee akatuangalia, akasema tena taratibu, kama anavyosema huyu mama: mkiwa nazo si neno, semeni tu. Mimi nikamkanyaga Cuco mguu, aseme. Yaani nilimkanyaga kwa nguvu, shemeji, Mungu ni shahidi. Akasema hapana tena. Alidhani ni mtego. Alidhani akisema ninazo, watamwuliza na vibali. Zikakutwa kwenye tairi la akiba."

"Na barua?"

"Ilikuja. Aliichoma kwenye ndoo ya lami." Chano alifuta pua kwa mkono. "Aliniapisha. Alisema, Lala akijua sitaweza kulala naye chumba kimoja. Nikaapa. Ningefanyaje, ni kaka yangu."

Lala hakupiga kelele. Watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba wangependa angepiga. Aliliinua sanduku, likiwa zito kwa mtu na pesa zake, akatoka nalo nje kwenye upepo.

*

Kwa forodha ya Mexico alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. "Nina elfu ishirini na saba na mia nne," alisema, kwa sauti kubwa, mpaka watu kwenye foleni wakageuka. Alikuwa kama mtu anayemsemea mwingine. Wakaandika, wakamkaribisha nyumbani. Chano aliendesha bila kusema neno, na jambo hilo halikuwahi kutokea tangu abatizwe.

Pikapu ilikuwa kimya. Harufu ya lami haikuwapo. Lala aliinamisha sikio kwenye mbao, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza kifua cha mtoto, na Cuco hakukohoa. Alikuwa amejibana huko ndani, amejificha. Miaka yote ile Lala alimwona anasimama mlangoni akadhani anaiogopa serikali. Alikuwa anamwogopa yeye. Kila kikombe cha kahawa alichokunywa wima, kila usiku aliolala kamgeuzia mgongo, alikuwa na lile swali mdomoni, na jibu lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu kifo kilimngoja mpaka darajani.

Lala alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na kila moja ilikuwa inamkaba kwa mkono wake. Alimwona kijana yule wa mapaa, hana kibali, mguu wake umekanyagwa na mdogo wake, mbele yake mzungu anayemwambia kitu ambacho hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwambia: sema tu. Nani angeamini? Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amefungua mdomo kusema hapana. Lakini pia alimwona Maricruz na nywele zake zilizosukwa, anauliza kila buti lililopita korido, huyo ni baba? Na baba yuko darajani, anaulizwa mara mbili.

"Tumrudishe?" Chano aliuliza mwishowe, walipoona miti ya jozi ya Zaragoza. "Kama hutaki alale naye, sema. Kuna nafasi kwa babu, kule mwisho wa ukuta. Hakuna atakayekulaumu."

Lala alilishika sanduku kwa mikono miwili mpaka walipofika makaburini.

Mchimbaji alikuwa ametayarisha shimo dogo ubavuni mwa kaburi dogo. Jiwe la Maricruz lilikuwa limekula upepo, herufi zimeanza kupotea. Lala alipiga magoti. Alifungua sanduku, akatoa vibunda vyote, akamtupia Chano mikononi bila kumwangalia, akalifunga tena. Sasa lilikuwa jepesi. Alikaa nalo hivyo muda mrefu, limelala juu ya mapaja yake, na Chano akaanza kuamini kwamba ataliinua alipeleke kule mwisho wa ukuta. Mchimbaji naye aliamini hivyo, akaenda zake kuvuta sigara.

Kisha akaliteremsha shimoni taratibu, kwa mikono yake, upande wa mtoto.

"Nilikuahidi, nimekuleta," alisema. Machozi yalikuwa yanamwanguka kidevuni na hakuyafuta. "Alikungoja kwa furaha. Mimi ndiye niliyemwambia ni sheria, Cuco. Alifumba macho akijua ni sheria, kwa sababu mimi nilimwambia. Sasa mwambie mwenyewe kwamba uliulizwa."

Alichukua udongo kwa kiganja akaanza kufukia, na Chano akapiga magoti upande wa pili, akamsaidia.